Jina Moja, Kumbi Mbili: Mtego wa Ratiba ya Kongamano

Ratiba ya kongamano lenye vikao sambamba huchorwa kwa jedwali: saa zinashuka upande wa kushoto, majina ya kumbi yanakaa juu, na kila kisanduku kinabeba kikao kimoja. Mgongano wa ukumbi huonekana papo hapo, kwa kuwa vikao viwili vitagombania kisanduku kimoja. Mgongano wa watu ndio unaojificha.

Tuseme kuna kumbi A, B na C. Kuanzia saa 3:00 hadi 4:30 asubuhi kila ukumbi una mada tatu, kila mada dakika 20 za kuwasilisha na 10 za maswali. Mhadhiri mmoja anatoa mada ukumbi A saa 3:30, na papo hapo ndiye mwenyekiti wa kikao cha ukumbi B. Waandaaji hupitiwa hapa kwa sababu hukagua watoa mada na kuwasahau wenyeviti. Soma kila mstari wa saa kutoka kushoto kwenda kulia, ukitafuta jina lililojirudia, liwe na kazi gani.

Ukikihamishia kikao cha B saa 5:00, baada ya chai, kagua upya mstari wa saa 5:00, maana watoa mada wake watatu huenda wana kazi nyingine huko. Kwa kawaida ni nafuu kubadilisha mwenyekiti tu.

Siku yenyewe, mtoa mada asipofika, usimsogeze mbele anayefuata. Kuna msikilizaji ukumbi C anayepanga kuja kumsikiliza kwa saa iliyochapishwa. Muda huo upewe maswali.