Huyu Ni Wewe Kabisa: Utani wa Wiki ya Mitihani

“Dakika ya 40 mtu ananyoosha mkono kuomba kijitabu cha pili. Mimi bado naremba namba ya usajili.”

Mwanachuo yeyote aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mtihani anamjua huyo aliyenyoosha mkono. Anajua pia jinsi moyo unavyoruka unapomwona msimamizi akimpelekea karatasi mpya, ilhali wewe swali la kwanza hujalimaliza. Maneno hayo machache, yakiwekwa kwenye ukurasa wa chama cha wanafunzi mchana ule ule wa mtihani, yatazunguka bweni zima kabla ya chakula cha jioni.

Vyama vya wanafunzi katika vyuo vyetu, viwe vya wanasheria, wahandisi au wanajiografia, vingi vina akaunti Instagram na kundi WhatsApp. Mwaka mzima akaunti hizo hutangaza mikutano, michango na mahafali, na wanachama huzipita bila kusimama. Ikifika wiki ya mitihani, ambayo watu hapa huiita wiki ya UE, mambo hugeuka. Kila mtu ana simu mkononi, kila mtu anatafuta sababu ya kuliacha desa kwa dakika mbili, na wote wanaogopa kitu kimoja. Hapo ndipo mtunza akaunti anapoweza kuwachekesha watu elfu moja kwa sentensi moja, au kuwaudhi wote kwa sentensi ile ile ikikosewa kidogo.

Tuone jinsi posti moja inavyotengenezwa. Tuseme chama cha wanafunzi wa jiografia kinataka kuzungumzia kusoma usiku wa kuamkia mtihani. Rasimu ya kwanza ya mtunza akaunti kwa kawaida huwa hivi: “Wiki ya mitihani imewadia. Tunawatakia wanachama wote mafanikio mema.” Hakuna ubaya hapo, ila ndiyo salamu inayotoka kwa kila mtu, kuanzia mkuu wa kitivo hadi mwenye duka la fotokopi. Rasimu ya pili hujaribu ucheshi: “Nyie mnaosubiri usiku wa mwisho, sapu inawasubiri.” Sapu ni mtihani wa kurudia, na anayesoma hapo hacheki kwa sababu ametishiwa. Mwandishi amejiweka upande wa waliosoma mapema, akamnyooshea kidole mwenzake. Rasimu ya tatu inasema: “Wanafunzi tunapenda sana kusoma usiku mmoja.” Ni kweli, lakini ni kweli iliyo mbali. Hakuna anayejiona ndani yake.

Sasa tazama rasimu ya nne:

“Saa 2 usiku: leo namaliza mada zote sita.
Saa 4 usiku: mada nne zikieleweka, mtu anapita.
Saa 6 usiku: kwanza mwalimu alisisitiza sana mada ya pili.
Saa 8 usiku: hivi hii kozi ni ya lazima?”

Mada zinashuka kutoka sita hadi nne, kutoka nne hadi moja, na kila mstari una udhuru wake unaosikika kama hoja ya maana. Saa zinapanda, matumaini yanashuka, na msomaji anaiona ngazi ile bila kuelezwa. Hakuna aliyetajwa wala kulaumiwa. Mstari wa mwisho umeacha kuhesabu mada na kuanza kuitilia shaka kozi yenyewe, na kwa kuwa hakutarajia zamu hiyo, msomaji anacheka. Mtunza akaunti mwenye papara ataongeza hapo “hahaha, tujitahidi jamani”, na kicheko kitafia papo hapo. Utani ukishafika mwisho wake, mwandishi anyamaze.

Siri, basi, ni jambo dogo ambalo mwanachuo amelifanya leo na alidhani analifanya peke yake. Hofu ya kufeli ni kubwa mno kuchekesha. Kinachochekesha ni mtu aliyetandika kitanda vizuri, akapanga kalamu kwa rangi, akafua na viatu, ilimradi asifungue daftari. Kuna anayekwenda kwenye kimbweta saa 1 jioni na chupa ya chai, na hadi saa 5 chai ndiyo kitu pekee alichomaliza. Kuna anayesoma maelekezo yanayosema jibu maswali manne, akajiuliza yapi hayo manne anayoyajua. Kuna aliyekutana na neno “Jadili”, akawaza: nijadili na nani, wakati jirani tumekatazwa kuongea naye? Mtunza akaunti anayekaa na wenzake na kuwasikiliza hatakosa la kuandika. Anayejifungia chumbani kunakili vichekesho vya vyuo vya nje ataandika kuhusu theluji na mashine za kahawa.

Kila siku ya wiki hiyo ina utani wake, kwa sababu hali ya watu hubadilika. Ratiba inapobandikwa, watu hutafuta mitihani iliyobanana, yule mwenye pepa mbili siku moja na yule ambaye pepa yake ya mwisho ni Ijumaa jioni wenzake wakiwa tayari wako kwenye basi. Usiku wa kuamkia mtihani ni wa ahadi zilizovunjika, kama zile saa nne tulizoziona. Baada ya mtihani, uwanja ni wa wanaojadili majibu mlangoni: “Nje ya chumba cha mtihani kwepa watu wawili: anayeuliza swali la 3 ulijibu nini, na anayemjibu.” Siku ya kufunga ina utani mwepesi zaidi: “Begi limefungwa tangu Jumatatu. Daftari limefunguliwa leo.”

Saa ya kuweka posti ina uzito wake. Asubuhi kabla ya pepa ya saa 2 watu wana wasiwasi, na utani wa wakati huo huwakera. Mchana wanapotoka wakiwa na njaa, na usiku karibu saa 4 usingizi unapoanza kuvuta, ndipo wanapocheka. Utani wa mtihani wa siku ile utoshe kwenye stori, inayoondoka yenyewe baada ya saa 24. Ule wa kuishi muhula hata muhula, kama ngazi ya saa nne, uwekwe kwenye ukurasa wenyewe. Na kwa kuwa mtunza akaunti naye ni mwanafunzi mwenye pepa zake, rasimu tano au sita ziandikwe wiki moja kabla, nafasi mbili zikiachwa kwa yatakayotokea. Asizipange zijiweke zenyewe kisha akasahau. Chuo kikipata msiba, kichekesho kinachojitokeza saa hiyo hiyo hakisameheki.

Utajuaje kama posti imefika? Wengi hutazama alama za moyo. Moyo ni rahisi, kidole hubonyeza huku macho yakiwa kwingine. Tazama waliomtumia mtu mwingine, namba ambayo mwenye akaunti huiona kwenye takwimu za kila posti. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, ameeleza hadharani kwamba kutumiana ni miongoni mwa ishara zenye nguvu zaidi katika kuamua posti ipelekwe kwa watu wengi. Mtu anapoituma kwa mwenzake na kuandika “huyu ni wewe kabisa”, kazi imekwisha. Posti yenye mioyo mia mbili ambayo hakuna aliyeituma popote imesalimiwa tu.

Mipaka ipo, na wiki hii ndiyo inayovukwa kirahisi. Kwanza kuna utani wa kudesa. Mzaha kuhusu karatasi iliyofichwa kwenye soksi ukitoka kwa rafiki chumbani ni mzaha. Ukitoka kwenye akaunti yenye nembo ya chama kilichosajiliwa chuoni, Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi itausoma kama kauli ya chama. Picha ya karatasi ya maswali isiwekwe kabisa, hata kama mtihani umeisha, maana huenda kuna kundi jingine ambalo halijaufanya. Mwalimu naye asitajwe kwa jina wala kwa namna ambayo darasa zima litamtambua.

Pili kuna picha. Mtu aliyelala maktaba mdomo wazi anachekesha watu wote isipokuwa yeye mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na hata kabla ya sheria kuna heshima ya kawaida: ukitaka kumweka mtu hadharani, muulize kwanza. Njia rahisi ni kupiga picha vitu. Desa la kurasa 140 lenye alama ya kusomea kwenye ukurasa wa 9 linasema yote, na halina uso wa mtu.

Tatu, na hapa panahitaji jicho kali zaidi, ni sapu na disko. Kudisko ni kuondolewa masomoni, na si jambo la wiki moja. Ni ada iliyolipwa na wazazi, ni mkopo, ni safari ya kurudi nyumbani kueleza. Kabla ya mitihani watu hutaniana kuhusu sapu kwa sababu bado hakuna aliyeipata, na woga ni wa wote. Matokeo yakishatoka, sapu ina mwenyewe. Utani uleule uliochekesha Januari unakuwa jiwe mwezi unaofuata. Vivyo hivyo, mizaha ya kujidhuru haina nafasi kwenye akaunti ya chama. Chini ya posti ya kuchekesha mtu anaweza kuandika kwamba amechoka na haoni sababu ya kuamka kesho, na wenzake wakamjibu kwa vicheko wakidhani anatania. Mtunza akaunti asicheke naye pale. Amtumie ujumbe wa faragha, aulize hali yake, na amuunganishe na mnasihi wa chuo au rafiki aliye karibu naye siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana akaunti isiwe mkononi mwa mtu mmoja. Mmoja aandike, mwingine asome kabla haijawekwa, na ikiwezekana msomaji huyo awe wa mwaka wa kwanza. Asipoelewa utani, lugha ni ya wakubwa watupu. Akiuelewa na asicheke, mstari wa mwisho bado haujapatikana. Na wote wawili wajiulize swali moja: mwanachama ambaye kesho atatoka kwenye pepa akijua amefeli, akiikuta posti hii usiku, ataona tunacheka naye au tunamcheka? Kama jibu halipo wazi, posti ifutwe. Utani mwingine utapatikana tu, hasa wiki hii.

Nawe mwanachuo unayesoma makala haya huku una pepa kesho saa 2 asubuhi: mada zilikuwa sita. Rudi ukasome.