Meatu na Busia: Mchango wa Shule Unapokutana na Kabila

Mwaka 2004 mchumi wa Kimarekani, Edward Miguel, alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili za vijijini: Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, kwenye nchi ya Wasukuma huko Tanzania. Zote mbili ni za wakulima wa kawaida, na zote zina makabila yanayoishi jirani. Busia wapo Waluhya, Wateso na Wajaluo. Meatu Wasukuma ndio wengi, lakini wanaishi pamoja na Wanyiramba, Wanyisanzu na Wataturu.

Miguel alichunguza jambo la kila siku, yaani namna wanakijiji wanavyochangia shule ya msingi na kutunza visima. Upande wa Busia, kadiri eneo lilivyokuwa na makabila mengi ndivyo michango ilivyopungua, na shule zikawa na madawati na madarasa machache zaidi. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya shule. Asiyechanga hubanwa na aibu mbele ya watu wake, na aibu hiyo hupoteza nguvu pale anayedai mchango anapoonekana kuwa mtu wa kabila jingine. Upande wa Meatu, mchanganyiko wa makabila haukupunguza michango.

Tofauti hiyo haikutoka kwenye udongo wala kwenye damu. Ilitengenezwa, na chombo kimoja kikubwa kilichoitengeneza ni shule yenyewe.

Tuseme ukweli kwamba Tanganyika ilianza na bahati. Kiswahili kilikwisha kufika bara kwa misafara ya biashara, Wajerumani wakakitumia katika utawala, na TANU ikakitumia kuihutubia nchi nzima. Tena hakukuwa na kabila moja lenye uwezo wa kuwameza wengine. Lakini bahati hiyo ilihitaji kufanyiwa kazi. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kazi za serikali, BAKITA likaundwa, na katika kipindi hicho hicho kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote saba ya shule ya msingi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililolenga elimu ya msingi kwa wote, mtoto wa Meatu na mtoto wa Newala walisoma muhtasari mmoja kwa lugha moja, wakajifunza historia na siasa ya nchi moja.

Hata hivyo, lugha peke yake isingetosha. Kazi kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilifanywa na barua ya kupangiwa shule. Aliyefaulu darasa la saba aliweza kutoka Bukoba akapelekwa Tosamaganga, au kutoka Songea akajikuta Tabora, mamia ya kilomita kutoka kwa wazazi wake. Bwenini alilala, alilima na kufua na wenzake ambao lugha pekee waliyoshirikiana ilikuwa Kiswahili. Walimu nao walipangiwa vituo mbali na kwao, na wahitimu wakakutana tena Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi walioa au kuolewa huko huko. Watoto wao wakiulizwa kabila, hulazimika kwanza kuuliza ni upande wa baba au wa mama.

Mambo hayakuwa mepesi. Katika shule nyingi mtoto aliyeongea lugha ya nyumbani aliadhibiwa, na lugha ndogo kama Kihadzabe hazikupewa nafasi yoyote darasani. Hasara hiyo ni ya kweli, na haikuwa lazima, kwani mtoto angeweza kubaki na lugha mbili. Pia mgawo wa nafasi za sekondari kwa mikoa uliwaumiza wazazi wa Kilimanjaro na Kagera, ambako misheni zilijenga shule mapema na watoto wengi walifaulu. Kilimanjaro walijibu kwa kujenga shule zao wenyewe. Walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, lakini mgawo huo ndio uliozuia ofisi za serikali zisijazwe na watu wa mikoa miwili au mitatu tu.

Leo hali imebadilika. Tangu miaka ya 2000 shule za kata zimewafungulia mlango mamia ya maelfu ya watoto, na hilo ni jema. Lakini shule ya kata huchukua watoto wa kata, wengi wao majirani tangu utotoni. Kuchanganywa kitaifa sasa huja hasa kidato cha tano, hatua ambayo wengi hawaifikii. Serikali isiziache shule za bweni za kitaifa zikachakaa, na ianze kupanga upya nafasi za kidato cha kwanza kwa watoto wa mikoa tofauti. Nawe mzazi, mwanao akipangiwa mkoa usioujua, mwache aende.