Vidonge vya Vitamini: Je, Mwanamichezo na Mfanyakazi wa Sulubu Wanavihitaji?

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana wa timu ya mpira ya parokia akiwa na kopo la vidonge vya multivitamini ndani ya mfuko wake wa jezi. Wengine wanaobeba zege au kulima kutwa nzima humeza vidonge hivyo kila asubuhi kwa imani kwamba vinaongeza nguvu. Katika toleo hili tujiulize: je, mtu anayetumia mwili wake sana anahitaji vidonge hivyo, au chakula kinamtosha?

Vitamini si nguvu

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba nguvu za mwili hutokana na wanga, mafuta na protini. Nguvu hiyo hupimwa kwa kalori, na kidonge cha vitamini hakina kalori za kumtosha mtu hata kupanda ngazi. Kazi ya vitamini, hasa za kundi B, ni kuusaidia mwili kukichoma chakula ulichokwisha kula. Tunaweza kuzifananisha na kiberiti jikoni. Bila kiberiti kuni haziwaki, lakini ukiwa na viberiti kumi na huna kuni, chungu hakitachemka.

Mwili ukishapata vitamini B na C za kutosha, zinazozidi hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana anayemeza multivitamini huona mkojo wake umekuwa wa manjano iliyokolea. Wengi hudhani hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. La hasha! Rangi ile ni vitamini B2 iliyozidi, inayokwenda zake chooni pamoja na fedha ulizoinunulia.

Tuchukue mfano

Tumchukue kijana wa miaka 22, mwenye kilo 65, ambaye ni kibarua wa ujenzi na jioni hucheza mpira. Kijana huyu anahitaji kalori 3,000 au zaidi kwa siku. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana anakula wali mweupe na mchuzi, na baada ya mazoezi anakunywa soda. Usiku anakula ugali wa sembe na kabichi kidogo. Analalamika kwamba miguu ni mizito, naye anakusudia kununua vidonge.

Tukikipima chakula chake tunaona kasoro mbili. Kwanza, kalori hazitoshi. Mpira wa saa moja huweza kutumia kalori 400 hadi 600, na soda moja hairudishi hata nusu yake. Pili, sehemu kubwa ya chakula chake ni sukari na nafaka iliyokobolewa, ambayo imeacha vitamini zake nyingi kwenye pumba. Kidonge kingeweza kuziba sehemu ya kasoro ya pili, lakini ile ya kwanza kingeiacha kama ilivyo, na miguu ingebaki mizito.

Sasa tubadili sahani yake. Asubuhi anywe uji wa dona au ulezi uliotiwa karanga za kusaga, na maziwa yakipatikana. Mchana ale ugali wa dona na maharage pamoja na mchicha. Baada ya mazoezi anywe maji, kisha ale pera na ndizi. Usiku ale viazi vitamu vya rangi ya chungwa au wali, pamoja na dagaa.

Hebu tufanye hesabu. Mwanamume anahitaji miligramu 90 za vitamini C kwa siku, na pera moja la wastani huweza kumpa zaidi ya hapo. Kiazi kitamu kimoja cha rangi ya chungwa huweza kumtosheleza vitamini A ya siku nzima. Kwa vitamini B1 anahitaji miligramu 1.2. Gramu 100 za unga wa dona zina karibu miligramu 0.4, hivyo gramu 300 zinamfikisha. Dagaa wanampa vitamini B12, pamoja na madini ya chuma na chokaa, kwa kuwa huliwa na mifupa yake.

Tazama jambo hili vema. Mtu anayefanya kazi nyingi husikia njaa zaidi, hivyo hula zaidi. Ikiwa nyongeza hiyo ni dona, maharage, mboga na matunda, vitamini zinaongezeka pamoja na kalori bila yeye kuzihesabu. Ikiwa nyongeza ni soda na maandazi, kalori zinaongezeka peke yake. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Wasiopata sembe mbadala wachague ile iliyoongezwa virutubishi, ambayo huandikwa hivyo kwenye mfuko.

Wakati chakula hakitoshi

Hata hivyo, tusiseme kwamba vidonge havina kazi. Mama mjamzito anapaswa kutumia vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki, hata kama anakula vizuri, kwa sababu mahitaji yake hupanda mno. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vitamini B12, kwani mboga na nafaka hazina. Hali kadhalika mgonjwa aliyeharisha kwa muda mrefu, au mtu anayejinyima chakula ili apunguze uzito huku akifanya mazoezi makali, anaweza kuandikiwa vidonge na mganga.

Wasichana wanamichezo wanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kila mwezi hupoteza damu na pamoja nayo madini ya chuma. Msichana akianza kuhema upesi kuliko zamani, moyo ukamwenda mbio kwa kazi ndogo, na viganja na kope za ndani zikawa nyeupe, asikimbilie kopo la dukani. Apelekwe zahanati apimwe wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Multivitamini nyingi zina madini ya chuma kidogo tu, na nyingine hazina kabisa, hivyo haziwezi kuutibu. Tena chanzo kinaweza kuwa malaria au minyoo ya safura, na kidonge cha vitamini hakiui minyoo.

Nyumbani, ajizoeze kula chungwa au pera pamoja na maharage, maana vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai aiache hadi saa moja hivi baada ya mlo, kwa sababu huzuia ufyonzaji huo.

Hatari za kuzidisha

Vitamini A haitoki kwa urahisi kwenye mkojo, bali huhifadhiwa katika ini. Kuimeza kwa wingi kwa muda mrefu hudhuru ini, na kwa mama mjamzito huweza kumlemaza mtoto tumboni. Kwa hiyo usichanganye makopo mawili ya aina tofauti. Aidha, vidonge vyenye madini ya chuma viwekwe mbali na watoto. Mtoto mdogo akivila kama peremende anaweza kufa. Akivimeza, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kopo lake, bila kusubiri dalili.

Basi, kabla ya kununua kopo, andika kwa siku tatu kila unachokula na kunywa. Ukikuta kila siku kuna nafaka isiyokobolewa sana, kunde, mboga za majani, tunda, na kitu kidogo kitokacho kwa mnyama au samaki, tena unashiba, fedha hizo nunulia mayai. Ukikuta kundi moja halipo, anza kulitafuta sokoni. Na kama unakula hivyo na bado uchovu hauishi kwa wiki mbili, nenda ukapimwe.