Malipo ya Pendekezo la Ajira na Kipindi cha Majaribio

Mpango wa kuwalipa wafanyakazi wanaopendekeza watu wa kuajiriwa huharibika hasa pale malipo yanapotolewa siku ya kutia saini mkataba, kwa kuwa aliyependekeza hapati hasara yoyote mwajiriwa akiondoka baada ya wiki tatu. Kwa hiyo malipo hufungamanishwa na kipindi cha majaribio. Nchini Kenya, kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kimeweka ukomo wa miezi sita, unaoweza kuongezwa kwa ridhaa ya mwajiriwa.

Hata hivyo, kinga hiyo huzaa upenyo mwingine. Tuseme zawadi ni shilingi 30,000: 10,000 hulipwa mwisho wa mwezi wa kwanza, na 20,000 mwajiriwa akithibitishwa kazini. Iwapo aliyempendekeza ndiye msimamizi wake, tathmini anayoiandika ndiyo itakayomlipa. Ndiyo maana msimamizi wa nafasi husika, pamoja na maofisa wanaoshughulikia ajira, hawastahiki malipo hayo. Undugu nao hutajwa kwa maandishi kabla ya usaili, na jina la aliyependekeza hufichwa kwa jopo hadi alama zikamilike. Upendeleo hujidhihirisha pale waliopendekezwa wanapoitwa kwenye usaili wakiwa na sifa pungufu kuliko waombaji walioachwa.