Kasha linavyozeesha betri za hedifoni

Hedifoni ndogo zisizo na waya zikiwa mpya hucheza muziki saa 5. Miaka miwili baadaye zinazima kabla ya kutimiza saa 4, na mwenyewe anahisi aliuziwa bandia. Mara nyingi si bandia. Tuchukue kipande kimoja chenye betri ya 40 mAh kinachokula mA 8 kinapocheza: gawa 40 kwa 8, unapata saa 5. Betri ya simu ya 5000 mAh ni kubwa kuliko hiyo mara 125. Zote mbili zikipoteza moja ya tano ya uwezo, simu bado inakufikisha jioni, lakini hedifoni imepoteza saa nzima, na saa nzima lazima uisikie.

Upotevu huo unaanzia ndani kabisa. Betri hizi ni za lithiamu. Unapochaji, ioni za lithiamu hutoka upande wa chanya na kwenda kujipenyeza kwenye grafaiti upande wa hasi. Unaposikiliza, hurudi zilikotoka. Juu ya grafaiti kuna utando mwembamba uliojijenga tangu kiwandani. Unaikinga betri, ila kadiri unavyonenepa unameza ioni ambazo hazirudi tena kazini. Kuna mambo mawili yanayouharakisha kunenepa: joto, na betri kukaa imejaa pomoni, karibu volti 4.2.

Hapo ndipo kasha linapoingia. Ni kituo cha kuchajia chenye betri yake, tuseme ya 400 mAh. Vipande viwili vinahitaji 80 mAh, kwa hiyo kwenye karatasi kasha lingevijaza mara 5. Hutazipata zote. Umeme wa kasha hupandishwa hadi takriban volti 5, kisha hushushwa tena ndani ya kipande, na kinachopotea njiani hugeuka joto, sentimita chache tu kutoka kwenye betri zenyewe. Halafu kila unapovirudisha vipande, hata baada ya simu ya dakika 10, kasha linavijaza tena. Matokeo yake ni kwamba vinaishi karibu maisha yao yote vikiwa vimejaa, katika kiboksi kilichofungwa.

Kule kujazwa kidogo kidogo kwenyewe hakuna ubaya. Ukitumia asilimia 20 mara tano, umekamilisha mzunguko mmoja tu wa betri. Ushauri wa kumaliza chaji yote kabla ya kuchaji ulifaa betri za nikeli za zamani. Kwa lithiamu unaumiza. Hata chaja kubwa ya simu si ya kuogopwa, mradi ni nzima, kwa sababu kasha huvuta kiasi linachohitaji tu.

Kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwenye joto. Kasha lililoachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa linazeeka zaidi ndani ya mchana mmoja kuliko kwa siku nyingi za kabatini. Usilichaji chini ya mto. Kuchaji bila waya nako kunapasha joto zaidi ya waya, hivyo kama una waya, utumie. Kasha likijaa, lichomoe; si lazima lilale kwenye umeme kila usiku. Wenye iPhone na AirPods zinazokubali waache Optimized Battery Charging ikiwa imewashwa, kwani huchelewesha kujaza sehemu ya mwisho hadi karibu na muda wa matumizi.

Hedifoni yangu ya kushoto iliwahi kuzima mapema kuliko ya kulia, nikaamini betri imekufa. Kumbe ilikuwa haichajiwi. Njia ya kutofautisha ni kutazama asilimia kwenye simu mara tu unapovitoa vipande. Kimoja kikitoka na 35 na mwenzake 100, shaka iende kwenye vidoti vidogo vya metali ambapo kipande hugusana na kasha: nta ya sikio na jasho vimeviziba. Fimbo ya pamba kavu, au yenye tone la spiriti, inatosha, kisha acha pakauke. Vyote vikitoka na 100 na kimoja kikaporomoka ndani ya saa moja, hapo ni betri. Lakini angalia kwanza kama ndicho unachopigia simu peke yake, kwa kuwa maikrofoni nayo inakula chaji.

Ukitaka kuziweka hedifoni miezi kadhaa bila kuzitumia, usizifungie zikiwa tupu. Kasha litavilisha vipande mpaka liishe, kisha betri zote zitaendelea kushuka taratibu hadi saketi ya ulinzi izikatae kabisa kuchajiwa. Acha kasha likiwa na karibu nusu, mahali pa baridi, na ulitazame kila baada ya miezi mitatu. Na kasha likianza kuvimba au kifuniko kikagoma kufunga, usilitoboe wala kulichaji tena. Litenge mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ulipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki.