Mshahara wa Gitega na Mshahara wa Bujumbura

Wengi wetu tutakapomaliza masomo tutaulizwa swali lile lile alilokutana nalo kaka yangu: ufanye kazi karibu na nyumbani, au ushuke Bujumbura kwenye mshahara mkubwa zaidi? Nataka kuwaeleza jinsi tulivyolipigia hesabu swali hilo nyumbani kwetu Nyarusange, kwa maana nusura tukosee mara mbili.

Kaka ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Gitega. Kila mwezi hupokea mkononi faranga 400,000. Siku moja akaitwa kufanya kazi kama hiyo hiyo Bujumbura kwa faranga 560,000. Kwanza aliuliza kama fedha hizo ni kabla ya kodi na makato ya akiba ya uzeeni, au baada yake. Akajibiwa kwamba ni baada ya makato. Swali hilo ni la lazima, maana mshahara ulioandikwa kwenye barua na ule unaoingia mfukoni huwa si mmoja. Basi majirani wote wakasema, "Nenda, kijana! Hizo ni 160,000 za bure." Mama peke yake alinyamaza.

Kaka hakujibu upesi. Alichukua daftari akaandika matumizi yake ya Gitega kwa mwezi. Chumba chake kiko mtaa wa Nyamugari, ni cha matofali na bati, kina umeme, na bomba liko uani: 70,000. Kazini huenda kwa miguu, lakini huja nyumbani mara mbili kwa mwezi, na kila safari, kwenda na kurudi, ni 5,000. Kwa hiyo nauli ni 10,000. Chakula pamoja na makaa ni 160,000. Jumla ni 240,000, na baki yake ni 160,000. Katika baki hiyo ndimo hutoka fedha za mama na karo yangu. Sabuni na nguo tuliziacha nje ya hesabu, kwa sababu bei zake hazikupishana sana.

Kisha akashuka Bujumbura, akakaa siku tatu kwa baba yetu mdogo huko Buyenzi ili aulize bei mwenyewe. Hapo alijifunza jambo la kwanza: linganisha chumba na chumba kilicho sawa nacho, si kodi na kodi. Chumba kama kile cha Nyamugari, na chenye bomba uani, kilikuwa 150,000 pale Buyenzi, karibu na kazi. Rafiki mmoja akamwonyesha kingine mbali, upande wa Kinama, kwa 90,000. Kinaonekana rahisi, sivyo? Lakini kutoka huko angepanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja 1,000, kwa siku 26 za kazi. Hizo ni 104,000. Ukijumlisha na kodi unapata 194,000, tena bila kuhesabu saa anazosimama kituoni. Basi kodi na nauli ni ndugu wawili, usimpime mmoja ukamwacha mwenzake. Akachagua Buyenzi.

Jambo la pili lilikuwa chakula. Kaka alikwenda sokoni na orodha ile ile ya Gitega, akiuliza bei kwa kilo, si kwa fungu wala bakuli, kwa sababu bakuli la muuzaji mmoja si bakuli la mwingine. Orodha nzima ilifika 200,000. Viazi na maharage, ambavyo kwetu vilimani hutoka shamba la karibu, vilikuwa ghali. Lakini dagaa walikuwa rahisi kuliko Gitega, kwa kuwa Ziwa Tanganyika liko pale pale. Baba mdogo akacheka akasema, "Mwanangu, nani anakuja ziwani kula viazi kila siku? Punguza viazi, ongeza dagaa." Alipobadili orodha hivyo ilishuka hadi 190,000, na shibe ni ile ile. Hivyo orodha ya mji unaotoka hukuza kidogo ughali wa mji unaokwenda, maana mtu akihama hubadili sahani yake pia.

Sasa hesabu ya Bujumbura: chumba 150,000, chakula 190,000, na safari moja ya nyumbani kwa mwezi, kwenda na kurudi, 40,000. Jumla ni 380,000. Toa katika 560,000, hubaki 180,000. Basi zile 160,000 za majirani zimekuwa 20,000 tu.

Hapo mimi, kwa kuwa najidai kujua hesabu, nikasema hata hizo 20,000 hazipo. Nikagawanya 380,000 kwa 240,000, nikapata kwamba maisha ya Bujumbura ni ghali mara 1.58. Nikazidisha mshahara wa Gitega kwa hiyo 1.58, nikapata kama 632,000. "Kaka," nikasema, "wakikupa chini ya hizo, umepata hasara." Yeye akafikiri kidogo, akaniuliza, "Fedha ninazompa mama hununua chumvi wapi?" Nikajibu, "Hapa Nyarusange." "Basi kwa nini unazizidisha kwa bei ya Bujumbura?"

Nikaona kosa langu. Kipimo cha kuzidisha ni sawa kwa mtu anayetumia mshahara wake wote katika mji anaokaa. Lakini faranga inayotumwa nyumbani ina nguvu ile ile, ikitoka Gitega au ikitoka Bujumbura. Kinachozidi ni gharama ya kukaa tu. Kwa hiyo mshahara wa Bujumbura ulio sawa na ule wa Gitega ni gharama za Bujumbura pamoja na baki ya Gitega: 380,000 na 160,000, yaani 540,000. Kaka alipewa 560,000. Faida ni 20,000, kama tulivyoona.

Tukadhani tumemaliza. Ndipo mama, aliyekuwa akichambua maharage, akauliza, "Huko utakuja mara ngapi?" Kaka akasema, "Mara moja." "Na sasa unakuja mara mbili." Kumbe hatukulinganisha vitu vilivyo sawa! Tulifananisha chumba, tukafananisha shibe, lakini safari za nyumbani tulizipunguza nusu bila kuona. Kwa safari mbili nauli ni 80,000, gharama zote ni 420,000, na baki ni 140,000. Pale palipokuwa na faida ya 20,000 pana hasara ya 20,000. Tena njia hiyo ya milima, kama kilometa 100 hivi, nauli yake haitulii. Petroli inapokosekana, kama tulivyoona mara nyingi miaka hii, nauli hupanda siku ile ile, na mshahara haupandi nayo.

Kaka aliwaandikia wale wa Bujumbura kwamba kwa 580,000 atakuwa sawa tu na alivyo sasa, na kwamba angependa 600,000. Akawaonyesha kodi na nauli, bila kulalamika. Wakampa 600,000, akaenda. Amekwisha kuja mara mbili mwezi huu. Daftari lake ameniachia mimi, na ukurasa wa mwisho ameuacha mtupu, ili kila baada ya miezi mitatu tuandike bei upya.