Hatari Baki na Hatari Zalishwa

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri wa nyaraka za miradi, zipo mbili ambazo mara nyingi hutiwa katika neno moja, nazo ni hatari inayosalia baada ya hatua kuchukuliwa, na hatari inayoletwa na hatua yenyewe. Katika tafsiri tulizopata kuzipitia, ya kwanza imeitwa “hatari ndogo”, “masalia ya hatari” na hata “hatari isiyoepukika”. Ya pili imeitwa “hatari ya pili” au “hatari ya ziada”. Pengine zote mbili zimeandikwa “hatari nyingine” katika ukurasa huo huo, na msomaji akaachwa abahatishe. Katika makala haya tunakusudia kuzipambanua dhana hizo, na kueleza sababu za kupendekeza istilahi hatari baki na hatari zalishwa. Ili tusizungumze hewani, tutafuata mfano mmoja unaofahamika nchini, yaani uondoaji wa floridi katika maji ya kunywa.

Katika nchi zilizo kandokando ya Mlima Meru, mkoani Arusha, na katika sehemu kadha wa kadha za Bonde la Ufa, maji hupita katika miamba ya volkano na kuyeyusha floridi. Kiasi kidogo cha floridi hakidhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa kutambua ugumu wa kupata maji mengine katika sehemu hizo, iliruhusu kwa muda miligramu 8 kwa lita katika viwango vya mwaka 1974; baadaye kikomo kikashushwa hadi 4, na kisha 1.5. Mtoto anayekunywa maji yaliyopita kiasi wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika hutokwa na meno yenye madoa ya kahawia, na kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi hata mifupa huathirika. Maji hayo hayana harufu wala ladha ya kumwonya mtu. Kuyachemsha hakusaidii, maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki sufuriani.

Hatua moja iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng’ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chenga, huoshwa, kisha hujazwa katika ndoo au pipa lenye bomba. Madini yaliyomo katika mfupa huikamata floridi na kuachia kitu kingine mahali pake. Hatari tunayoikabili basi ni hii: watoto wa kaya fulani kudhurika kwa floridi. Hatua iliyochaguliwa ni chujio la mkaa wa mifupa. Sasa na tutazame kinachosalia na kinachozaliwa.

Tuseme maji ya kisima yana miligramu 8 kwa lita, na chujio likiwa jipya huyaacha na miligramu 1. Mtu anayekunywa lita 2 kwa siku alikuwa akipata miligramu 16. Sasa anapata 2. Hizo 2 zilikuwamo tangu mwanzo, nazo ni sehemu ya hatari ile ile ambayo hatua haikuiondoa. Hapa ndipo tunapoona kwamba neno la kufaa ni lile ambalo kila mwanafunzi wa darasa la pili analifahamu: ukitoa 14 katika 16, baki ni 2. Baki haisemi kama kilichosalia ni kikubwa au kidogo. Ndiyo maana “hatari ndogo” ni tafsiri potofu, kwa sababu humwambia ofisa kwamba jambo limekwisha kabla halijapimwa.

Lakini baki haimo majini tu. Wengi katika sehemu hizo hupikia magadi ili maharage na makande yaive upesi na mboga ilainike. Magadi, hasa yale yanayokwanguliwa ardhini kandokando ya maziwa ya magadi, huweza kuwa na floridi nyingi, na kiasi chake hutofautiana mno baina ya fungu na fungu sokoni. Tuchukue magadi yenye miligramu 2 za floridi katika kila gramu moja. Mama akitia gramu 5 katika chungu cha watu watano, kila mmoja amekula miligramu 2, yaani sawasawa na zile alizozipata katika maji yaliyochujwa. Chujio linafanya kazi yake barabara, vipimo vya maji ni vizuri, na bado nusu ya floridi inayomfikia mtoto imepita jikoni kwa njia ambayo mradi haukuitazama kabisa.

Je, magadi hayo ni hatari baki? Sisi tunasema ndiyo, ila kwa sharti moja. Tulisema hatari ni watoto kudhurika kwa floridi. Lau tungeandika kwamba hatari ni maji kuwa na floridi, magadi yangekuwa nje ya hesabu, na taarifa ingesomeka vizuri kuliko hali halisi. Mfasiri hana budi kulitazama jambo hili kwa makini, maana kubadili maneno machache katika sentensi ya kwanza ya taarifa huweza kubadili baki yote iliyo mwishoni. (Madoa yaliyokwisha kuingia katika meno ya mtoto mkubwa si hatari tena, bali ni madhara, na chujio halitayafuta. Kuyaita madhara hayo “hatari baki” ni kosa jingine ambalo tumelikuta.)

Hatari zalishwa ni jambo la namna nyingine kabisa. Mifupa hutakiwa ichomwe kwa joto la nyuzi 400 hadi 600 za sentigredi, au karibu na hapo. Moto ukiwa hafifu, mafuta na nyama hubaki ndani ya mfupa. Maji yatatoka na rangi ya manjano na harufu mbaya, nayo kaya italiacha chujio baada ya siku chache. Moto ukiwa mkali kupita kiasi, mfupa hupoteza nguvu yake ya kukamata floridi ingawa maji yanatoka meupe na matamu. Kosa la kwanza hujitangaza lenyewe puani. La pili hujificha, na kwa hiyo ndilo baya zaidi. Aidha, chenga za mkaa zilizokaa na maji yaliyotulia kwa siku nyingi huweza kuwa makazi ya vijidudu, hata kama maji ya kisima yaliingia yakiwa safi. Tena wapo watakaouliza mifupa hiyo ni ya mnyama gani na alichinjwa vipi. Asipokuwapo mtu wa kuwajibu kwa ukweli, chujio litageuzwa ndoo ya kufulia. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililokuwapo kabla ya chujio kuingia nyumbani.

Kwa hiyo, anayetaka kupambanua ajiulize swali moja tu: kama tusingefanya lolote, jambo hili lingekuwapo? Likiwa lingekuwapo, ni hatari baki. Likiwa lisingekuwapo, ni hatari zalishwa. Magadi yangekuwapo, vijidudu vya ndani ya chujio visingekuwapo. Ndoo chafu ya kuhifadhia maji ilikuwapo tangu zamani, nayo haihusiani na chujio kwa vyovyote vile.

Kuna hali moja inayolitia swali hilo katika mtihani, nayo ni kuchoka kwa mkaa. Tuchukue chujio lenye kilo 10 za mkaa, ambapo kila kilo huweza kukamata gramu 2 za floridi. Jumla ni gramu 20. Kaya inachuja lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia, na kila lita inaacha miligramu 7 ndani ya mkaa, yaani miligramu 140 kwa siku. Ukigawanya, mkaa utatumika kwa siku 140 na ushei, karibu miezi mitano. Wageni wakija na kaya ikachuja lita 40, muda huo hukatika nusu. Mkaa ukichoka hautoi dalili yoyote. Maji yanapita kama kawaida, ladha ni ile ile, na floridi hupanda pole pole mpaka kukaribia 8 ya awali. Ni kipimo peke yake kitakachoonyesha.

Floridi hiyo inayorudi ni hatari baki, kwani ni ile ile ya kisimani. Hata hivyo, imani ya mama kwamba maji yake ni salama, inayomfanya aache kwenda mbali kuchota maji ya chemchemi nzuri, imezaliwa na chujio. Baki imepanda mgongoni mwa zalishwa. Mwandishi wa taarifa hana haja ya kulazimisha mambo hayo mawili yaingie katika safu moja. Ayaandike mara mbili, kila moja na dawa yake. Dawa ya la kwanza ni kupima maji na kubadili mkaa kwa tarehe. Dawa ya la pili ni kuiambia kaya tarehe hiyo, na kuiandika juu ya pipa.

Tumeulizwa kwa nini tusiridhike na “hatari ya pili”, ambayo imekwisha kuzoeleka. Sababu ni kwamba “ya pili” kwa Kiswahili humpa msikilizaji wazo la daraja, kana kwamba hatari hiyo ni ndogo kuliko ya kwanza au inaweza kungoja zamu yake. Ilhali hatari zalishwa huenda ikaizidi ile iliyoizaa, na hapo hatua hiyo haifai kuchukuliwa. Kwa ajili hiyo yapasa ipimwe kabla ya hatua kuchaguliwa, wakati hatari baki hupimwa baada ya uchaguzi, na kukubaliwa na mwenye mamlaka kwa jina na saini yake. Kwa upande wa “masalia” na “mabaki”, la kwanza linanukia chakula kilichoachwa mezani, na la pili, likiwekwa karibu na neno hatari, humfanya msomaji afikirie ajali iliyokwisha kutokea.

Kwa umbo, hatari baki inafuata mkondo wa askari kanzu, ambapo jina hulifafanua jina bila kiunganishi. Hatari zalishwa inafuata kauli tendwa ya wanasarufi. Wako watakaopendelea “hatari iliyozalishwa na hatua”, nasi hatuna ugomvi nao katika maandishi marefu. Katika vichwa vya majedwali, ambako nafasi ni finyu, umbo fupi linafaa zaidi. Neno “kihatarishi”, linalotumiwa sana maofisini siku hizi, tungependa libakie kwa kile kinachosababisha, mathalani floridi au magadi, ili “hatari” ibakie kwa uwezekano wa mtu kudhurika. Ofisa anayeandika “vihatarishi baki” atazame kwanza kama anahesabu vitu vilivyomo majini na jikoni, au watoto wanaoweza kudhurika navyo.